Fomu, maswali ya mfululizo au kujaza pengo: oda ya mzigo ichukuliwe vipi?

Jumatano asubuhi, meseji hii inaingia WhatsApp kwenye simu ya ofisi ndogo inayosafirisha vifurushi kwa bodaboda jijini Dar es Salaam:

"Habari za leo. Nina viatu pea mbili hapa Sinza Mori vya kwenda kwa mama Mbagala, kesho saa nne. Yeye ndiye atalipa nauli."

Ili dereva atoke na asipotee, ofisi inahitaji kujua mambo tisa: kinachotumwa, kinapochukuliwa, kinapopelekwa, siku, saa, jina la mpokeaji, namba ya mpokeaji, nani analipa nauli, na namba ya mtumaji. Ukiisoma meseji hiyo taratibu utaona mteja ameshatoa mengi. Mzigo umetajwa, pa kuchukulia pametajwa, siku, saa na mlipaji vimetajwa, na namba yake inaonekana juu ya meseji yenyewe. Hayo ni sita. Mawili yamekuja nusu: Mbagala ni kubwa, na "mama" si jina ambalo dereva anaweza kuliulizia mtaani. Moja tu halipo kabisa, namba ya mpokeaji.

Nimetengeneza njia tatu za kupokea oda za namna hii, moja baada ya nyingine, na kila moja niliiona ikitumiwa na watu halisi. Nitazipitisha zote kwenye meseji hii hii.

Fomu ya ukurasa mmoja

Ofisi inajibu kwa kiungo: "Tafadhali jaza fomu yetu." Mteja anafungua ukurasa wenye visanduku tisa na kuanza upya. Anaandika tena viatu, anaandika tena Sinza Mori, anaandika tena Mbagala. Alichokisema mwanzo kimebaki kwenye WhatsApp na fomu haikijui.

Hata hivyo fomu ina jambo ambalo njia nyingine mbili hazina: mteja anaona kila kinachohitajika kabla hajaanza. Anajua atahitaji namba ya mama, kwa hiyo anaitafuta mapema. Akikosea cha tatu anarudi juu na kukirekebisha bila kumwambia mtu. Na akiwa na mizigo kumi na tano, kama mwenye duka la nguo za mtandaoni, fomu yenye mistari kumi na tano ndiyo inayomfaa. Kumhoji mtu huyo mzigo mmoja mmoja kwa meseji ni kumtesa.

Kasoro ya kurudia inaweza kupunguzwa. Google Forms, kwa mfano, inakuruhusu kutengeneza kiungo cha fomu ambayo baadhi ya visanduku vimeshajazwa. Kiungo chenyewe hubeba majibu, kila kisanduku kikiwa na namba yake inayoanza na `entry.`. Msichana wa mapokezi akishasoma meseji ya mteja anaweza kumtumia fomu yenye viatu, Sinza Mori na siku tayari, mteja akamalizia yaliyobaki. Inafanya kazi vizuri, ila inahitaji mtu wa kuketi na kuandaa kiungo kwa kila oda.

Maswali ya mfululizo

Hii ndiyo niliyoitengeneza ya pili, na ndiyo watu wengi huanza nayo kwa sababu ni rahisi kuiandika. Mfumo una maswali tisa kwa mstari. Jibu la kwanza likifika, swali la pili linatoka. Meseji ya mteja wetu inapoingia, mfumo unajibu: "Karibu! Ungependa kutuma nini?"

Mteja ameshasema viatu. Anaandika tena, "Viatu." Mfumo: "Mzigo uchukuliwe wapi?" Hapo wengine huandika "nimeshasema", na mfumo, kwa kuwa hauna akili ya kutofautisha, unaweka neno "nimeshasema" kama mahali pa kuchukulia mzigo. Nimewahi kuona oda ya namna hiyo ikimfikia dereva.

Sitaki kuidharau njia hii, maana ina mahali pake. Pale maswali yanapokuwa matatu au manne, na mteja anaanza kwa kubonyeza kitufe badala ya kuandika maelezo, mfululizo ni mwepesi na hauna cha kurudia. Kwenye menyu za simu ya kitochi, zile za kubonyeza nyota na alama ya reli, karibu hakuna namna nyingine: skrini moja hubeba herufi 182 tu, na mteja akitoka kutafuta namba kwenye majina ya simu yake, kipindi hukatika. Huko unauliza machache, na unamwambia mwanzoni kabisa aandike namba ya mpokeaji kwenye karatasi.

Kujaza pengo

Njia ya tatu nilijifunza kwa kumtazama dada wa mapokezi akipokea simu, kabla ya kuiona kwenye kompyuta. Alikuwa na kadi yenye visanduku tisa. Mteja akianza kueleza, dada anasikiliza na kujaza huku na huku bila kufuata mpangilio. Mteja akinyamaza, dada anatupa jicho kwenye kadi na kuuliza kisanduku cha kwanza kilicho wazi. Basi. Hamwulizi mtu jambo aliloshalisema kwa sababu kadi iko mbele yake.

Wazo hili ni la zamani. Mwaka 1977 watafiti wa Xerox walieleza mfumo wa mazungumzo ulioitwa GUS, wa kupanga safari za ndege, uliofanya kazi kwa kadi ya namna hiyo. Na mwaka 2004 W3C, shirika la viwango vya mtandao, lilipopitisha VoiceXML 2.0 kwa ajili ya huduma za sauti za simu, kanuni yake ya kuendesha fomu ilikuwa hiyo hiyo: tafuta kisanduku cha kwanza ambacho bado hakina thamani, kiulizie, shughulikia jibu, rudi mwanzo wa orodha. Kwa Python, moyo wake ni huu:

```python
def swali_lijalo(oda):
    for pengo in MPANGILIO:
        if pengo.jina not in oda and pengo.linahusika(oda):
            return pengo
    return None
```

Kwa mteja wetu mazungumzo yanakuwa hivi. Mfumo unajibu: "Nzuri, karibu. Viatu pea mbili, kutoka Sinza Mori kwenda Mbagala, kesho Alhamisi. Mbagala sehemu gani: Rangi Tatu, Zakhem au kwingine?" Mteja anabonyeza Rangi Tatu. "Saa 4 asubuhi, ni dereva kuchukua mzigo Sinza au mzigo kufika kwa mama?" Anajibu kuchukua. "Nitumie jina na namba ya mama." Anatuma vyote viwili. Kisha muhtasari mmoja, wenye vitufe viwili: Sawa, na Rekebisha.

| | Anachoulizwa mteja | Anachokirudia |
|---|---|---|
| Fomu | visanduku 9 kwa pamoja | 6 |
| Mfululizo | maswali 9 | 6 |
| Kujaza pengo | maswali 3 na uthibitisho | hakuna |

Jedwali hili linaonyesha upande wa mteja tu. Upande wa anayetengeneza, mfululizo ni kazi ya siku moja, na kujaza pengo ni kazi ya wiki kadhaa, kwa sababu lazima mfumo uweze kuchota taarifa kutoka kwenye sentensi ya mtu. Kwa oda za mizigo inawezekana bila makubwa: orodha ya maeneo na vituo vya daladala pamoja na namna watu wanavyoyaandika, maneno kama leo, kesho, keshokutwa, kanuni ya kutambua namba ya simu, na maneno yanayotangulia mahali, "kutoka", "hapa", "kwenda", "kwa". Pale mfumo usipokuwa na hakika, uache kisanduku wazi. Kuuliza swali moja la ziada ni nafuu kuliko kumpeleka dereva Mbagala mzigo uliokuwa wa Mbezi.

Nini kiulizwe kwanza

Mpangilio una maana kwenye njia zote tatu, na kosa ninaloliona zaidi ni kuanza na jina na namba ya simu kwa sababu fomu za ofisini huanza hivyo. Mteja anajaza jina lake, namba, namba ya mpokeaji, na mwishoni kabisa anaambiwa kwamba hamfiki Kigamboni, au kwamba hambebi mitungi ya gesi. Ametoa taarifa zake na za mtu mwingine bure.

Anza na yale yanayoweza kuivunja safari: kinachotumwa, kinakotoka na kinakokwenda. Hayo matatu yanatosha kusema ndiyo au hapana, na kutaja bei. Mteja akishasikia bei na kukubali, ndipo uulize siku na saa. Jina na namba ya mpokeaji viwe karibu na mwisho, kwa sababu mbili. Ya kwanza, ndivyo vinavyomlazimu mteja kutoka kwenye mazungumzo kwenda kutafuta, na mtu aliyeshakubali bei yuko tayari kutafuta kuliko aliyeanza sasa hivi. Ya pili, ni taarifa za mtu ambaye hayupo kwenye mazungumzo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata isingekuwepo, namba ya mama wa mtu haipaswi kubaki kwenye kumbukumbu za oda ambayo haikufanyika.

Mambo yanayokuja pamoja yaulizwe pamoja. Jina na namba ya mpokeaji ni swali moja, kwa sababu mteja anavichukua mahali pamoja, mara nyingi kwa kutuma kadi ya majina ya simu moja kwa moja. Lakini akituma namba peke yake, ulizia jina peke yake. Mifumo mingi hapa hurudia swali zima, na mteja anahisi namba yake haikufika.

Vingine visiulizwe kabisa. Namba ya mtumaji unayo. Ikiwa kijana wa duka ndiye anayetuma kwa niaba ya bosi wake, ataisahihisha kwenye muhtasari, ambako inaonekana. Na swali la "dereva akusanye shilingi ngapi mlangoni?" linawahusu wauza bidhaa tu. Mtu anayemtumia mama yake viatu akiulizwa hivyo atadhani ameingia pabaya.

Kwa nini swali hurudi hata pale ulipojitahidi

Hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sababu ya kwanza ni sifuri. Toleo langu la awali la ile `swali_lijalo` halikuwa na `not in oda`. Lilikuwa na `not oda.get(pengo.jina)`, likimaanisha "kama jibu ni tupu". Kwenye Python, namba 0 nayo huhesabiwa kuwa tupu. Muuza nguo aliulizwa dereva akusanye kiasi gani, akajibu 0 kwa sababu mteja wake alishalipa. Mfumo ukaona kisanduku kitupu, ukauliza tena. Akajibu 0. Ukauliza tena. Kwenye majaribio yetu hakuna aliyekuwa ameandika sifuri, ndiyo maana hatukuiona. "Hapana" huleta shida ile ile ikiwa unaihifadhi kama `False`.

Ndugu yake sifuri ni "sijui". Mteja akiulizwa uzito wa mzigo na kujibu hajui, hilo ni jibu. Kila kisanduku kinahitaji hali tatu: hakijaulizwa, kina jibu, na mteja amesema hana jibu. Kikiwa kwenye hali ya tatu, mfumo usikirudie. Dereva atapima akifika, na bei itajwe kama makadirio.

Sababu ya pili ni kulikataa jibu zuri kwa umbo lake. Namba ya simu ya Tanzania ni tarakimu kumi ikianza na sifuri, au 255 ikifuatiwa na tarakimu tisa. Watu huiandika kwa nafasi, kwa vistari, kwa alama ya kujumlisha. Mfumo unaosema "namba si sahihi, tafadhali ingiza tena" kwa sababu ya nafasi mbili unarudia swali ambalo limejibiwa. Ondoa nafasi na vistari mwenyewe, kisha hesabu tarakimu. Zikipungua, usirudie sentensi ile ile, sema ulichokiona: "Namba ya mama ina tarakimu tisa, inaonekana moja imeruka. Unaweza kuitazama tena?" Ikishindikana mara ya pili, mpe mtu wa ofisini.

Saa nayo ina lake. "Saa nne" ya mteja wetu ni saa nne ya Kiswahili, ambayo saa ya simu huionyesha 10:00. Kifurushi cha programu kilichotengenezwa kwa ajili ya Kiingereza kitaiweka 04:00 alfajiri, kione ofisi imefungwa, na kimwombe mteja achague muda mwingine. Mteja anajibu tena "saa nne", na mnazunguka. Kanuni tuliyoifuata ni kwamba palipoandikwa neno "saa" ni saa ya Kiswahili, na palipoandikwa kwa nukta mbili, kama 10:00, ni saa ya simu. Haiwi sahihi kila mara, kwa hiyo mfumo husema ulichoelewa kwa kutaja kipindi cha siku: saa 4 asubuhi. Aliyemaanisha usiku atashtuka papo hapo.

Sababu ya tatu ni mteja kubadili mawazo. Amefika mwisho, kisha anasema, "Samahani, mama kahamia Tegeta." Mfumo wa mfululizo kwa kawaida humrudisha mwanzo, na yote tisa yanaulizwa upya. Ukitumia kadi, unafuta kisanduku kilichobadilika pamoja na vile tu vinavyokitegemea. Pa kupelekea pakibadilika, bei inafutwa na kuhesabiwa upya, na kama Tegeta ni pana, sehemu ya Tegeta inaulizwa. Jina na namba ya mama vinabaki, maana mama ni yule yule. Lakini mteja akisema mzigo sasa ni wa dada, jina na namba vifutwe vyote viwili, hata kama alitaja jina jipya peke yake. Ukiacha namba ya zamani, mama wa Tegeta atapigiwa simu ya mzigo wa dada wa Kimara. Orodha ya nini kinategemea nini iandikwe kwenye karatasi kabla ya kugusa kompyuta. Kwa visanduku tisa haizidi mistari sita.

Sababu ya nne ni mapumziko. Mteja anaulizwa namba ya mama saa tano asubuhi, anaingia kwenye kikao, anajibu kesho yake. Mfumo uliokwishasahau unamkaribisha upya: "Ungependa kutuma nini?" Hifadhi kadi, na akirudi mwambie mlipofikia. WhatsApp huiruhusu biashara iliyounganisha mfumo wake wa kujibu kumjibu mteja kwa uhuru ndani ya saa 24 tangu meseji yake ya mwisho. Baada ya hapo unaweza kuanza wewe kwa ujumbe ulioidhinishwa kabla tu. Ila yeye akiandika, dirisha linafunguka tena.

Na hapo kuna mtego mmoja. Ikiwa ulihifadhi neno "kesho" kama lilivyo, Alhamisi ikifika linakuwa Ijumaa. Geuza "kesho" kuwa tarehe pale pale meseji inapoingia, na mteja akirudi baada ya siku hiyo kupita, hiki ndicho kisanduku pekee unachopaswa kukifungua upya: "Tulipanga Alhamisi, ambayo imepita. Dereva aje siku gani?"

Upande wa kurasa za mtandao, kutorudia kumeingia hata kwenye viwango. WCAG 2.2, mwongozo wa W3C wa Oktoba 2023 wa kufanya kurasa zitumike na watu wenye ulemavu, ina kipengele 3.3.7 kinachotaka taarifa ambayo mtumiaji ameshaiingiza kwenye shughuli hiyo hiyo ijazwe yenyewe au apewe aichague, isipokuwa pale ambapo kuirudia ni lazima, kwa mfano kwa usalama. Kimewekwa ngazi A, ile ya chini kabisa, kwa ajili ya watu ambao kukumbuka au kuandika kwao ni mzigo.

Ningechagua ipi

Kwa wateja wa mara moja moja wanaoanza kwa kuandika sentensi, ningechagua kujaza pengo bila kusita. Kwa wauza bidhaa wenye mizigo mingi, ningewapa fomu ya mistari yenye pa kuchukulia na namba yao tayari, na nisingewapitisha kwenye mazungumzo hata kidogo. Njia hizo mbili zinaweza kuishi pamoja, kwa sababu zote huishia kwenye kadi ile ile ya visanduku tisa. Maswali ya mfululizo ningeyaacha kwa simu za kitochi, na kwa mambo mafupi kama kufuatilia mzigo uko wapi, ambako swali ni moja tu.

Kama huna mtu wa kuandika programu, chapisha kadi na umpe anayejibu WhatsApp. Ofisi yenye oda thelathini kwa siku inaweza kwenda hivyo muda mrefu, na kadi zilizojazwa zitakuonyesha ni kisanduku kipi wateja huacha wazi zaidi, kabla hujalipia chochote.

Ukishawasha mfumo, kila Ijumaa tafuta kwenye kumbukumbu za meseji maneno "nimeshasema", "nimekwambia", "kama nilivyosema" na "soma juu". Kisha tazama swali lililotangulia kila moja. Kwetu wiki ya kwanza mengi yalitanguliwa na swali la Mbagala: mfumo ulikuwa haujui kwamba watu huandika "Rangi 3" kwa tarakimu.